Bakuli la Nyumba 304

Alama ilitoka 0.3814, na Eun-gyo akaridhika nayo. Aliwageuzia kompyuta wenzake wa ofisi ya utafiti wa mji wa Busan ili waione. Nukta mia mbili na kumi na mbili, kila nukta nyumba moja ya majengo ya zamani ya mlimani yaliyokuwa yanasubiri kubomolewa. Kila mstari ulikuwa ni watu wawili waliosema wanatembeleana au wanazungumza. Nukta za bluu zingehamia majengo mapya ya upande wa mto, za njano upande wa bahari. Kati ya mto na bahari ni mabasi mawili na mwendo wa saa moja na nusu.

"Mwaka jana mtaa wa jirani waligawana nyumba kwa bahati nasibu," alisema Bwana Pyo, mwenzake wa meza ya pili. "Wazee walitawanywa kama maharage. Hii yako angalau ina akili."

"Akili ni ya hesabu, si yangu."

Mkuu wao aliuliza hiyo alama maana yake nini, maana yeye angelazimika kuieleza kwa meya. Eun-gyo hakumzungusha. Unaangalia ni sehemu gani ya mistari yote imebaki ndani ya mafungu, la bluu au la njano. Kisha unatoa ile ambayo ingebaki ndani hata kama mistari ingegawiwa ovyo, kila nyumba ikibaki na idadi yake ya mistari. Kinachosalia ndicho sifa ya mgawanyo. Alikuwa ameichanganya mistari hiyo ovyo mara elfu moja na kuigawa kila mara kwa njia ileile. Alama ya ovyo haikupita 0.28.

"Kwa hiyo mafungu haya ni ya kweli," mkuu alisema.

"Ni ya kweli kwa mistari tuliyonayo."

Alilisema hilo kwa mazoea tu. Baadaye angelikumbuka.

Mkuu alipoondoka, Bwana Pyo aliinama karibu na kioo cha kompyuta. "Hii 303 si kwa mama yako? Bluu. Na 304 mlango wa mbele yake ni njano. Kulikoni?"

Eun-gyo alikuwa ameshaliona. Nyumba 304 ilikuwa ya Mama Tae-sik. Ilikuwa na mistari minne tu, miwili kwa bluu, miwili kwa njano. Fungu la bluu lilikuwa na mistari mingi zaidi kwa jumla, kwa hiyo hata ovyo ungetegemea Mama Tae-sik awe na watu wengi zaidi huko. Wawili wa njano wakawa na uzito zaidi kidogo kuliko wawili wa bluu. Programu ilijaribu kumhamisha: akiwa njano 0.3814, akiwa bluu 0.3812. Ikamwacha njano.

"Yeye na mama hawaongei," alisema. "Mwaka wa pili sasa. Mama alimwambia mbele ya watu kwamba kimchi yake, mboga zake za kuchachusha, imejaa chumvi ya samaki."

"Ee! Hiyo ni vita."

"Lakini kuna bakuli." Alisita. Lilionekana jambo la kitoto kulisema ofisini. "Asubuhi mama anaacha bakuli mlangoni kwa mwenzake, na kitu ndani. Kesho yake linarudi na kitu kingine. Hawagongi, hawasalimiani. Bakuli lisipoondoka mpaka saa nne, mama anampigia simu mlinzi akaangalie kama yule mwanamke ni mzima."

"Sasa hiyo si mstari?"

"Dodoso liliuliza nani unamtembelea au kuzungumza naye. Wote wawili hawakuandikana. Mama mwenyewe nilimsomea swali, akasema, 'Yule? Simjui.'"

"Dada Eun-gyo, chora mstari mmoja. Ni kidole kimoja tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Nikimchorea mama yangu, mama za watu wengine nani atawachorea?"

Bwana Pyo aliinua mikono. "Haya, mheshimiwa jaji."

Siku ile alijiona mwadilifu. Angeweza kurudi mlimani na swali jipya kwa watu wote: nani asipoonekana asubuhi utashtuka? Ingechukua wiki mbili. Ripoti ilikuwa inatakiwa Ijumaa. Akaituma.

Watu walihama mwezi wa tatu. Kwa sehemu kubwa mambo yalikwenda vizuri, na gazeti la mtaa likasifu. Akina mama wa mazoezi ya asubuhi walijikuta jengo moja. Wazee wa mchezo wa janggi waliweka ubao wao chini ya ngazi siku ya pili tu. Mama yake alipewa ghorofa ya sita, jiko jipya, kila bomba na maji ya moto.

"Dirisha linatazama mto," Eun-gyo alimwambia.

"Mto hauli," mama alijibu.

Juu ya friji lilikuwa bakuli jeupe lenye mstari wa kijani ukingoni. Halikuwa la mama.

"Zamu ilikuwa yangu," mama alisema bila kugeuka. "Wale wabebaji walikuja saa moja asubuhi, nikiwa sijaamka vizuri. Nilipotoka mlango wake ulikuwa wazi na ndani hamna hata mkeka. Basi gani linakwenda kule?"

"Mabasi mawili, mama. Na goti lako?"

"Nimekuuliza basi, sijakuuliza goti."

"Nitakupelekea mimi. Jumamosi."

Jumamosi hiyo mtoto wa Eun-gyo alikuwa na mtihani. Iliyofuata kulikuwa na semina. Ikapita ya tatu. Wiki ya sita ndipo alipokwenda upande wa bahari, bakuli limejaa kimchi ya figili, limefungwa kwa kitambaa. Aligonga, kisha akagonga tena. Mlango wa jirani ulifunguka, akatokea mwanamke mwenye mswaki mdomoni.

"Huyo bibi? Mwanawe kamchukua, nadhani kamweka nyumba ya wazee. Alianguka bafuni. Wanasema alilala pale siku mbili."

"Siku mbili? Hakuna aliyeshtuka?"

"Dada, mimi mwenyewe nimehamia juzi. Ningejuaje kama yuko kimya au hayupo?"

Namba ya simu hakuna aliyekuwa nayo. Nani angetaka namba ya mtu wa mlango wa mbele?

Jumatatu Eun-gyo alifungua lile faili la zamani. Kati ya 303 na 304 alichora mstari mmoja, akaiacha programu ifanye kazi yake. Nukta ya 304 iligeuka bluu mara moja, na alama ikapanda kidogo. Bwana Pyo alipita nyuma yake na kikombe cha kahawa. Aliitazama ile nukta, akarudi mezani kwake.

Jioni alimweleza mama yote: kuanguka, siku mbili, na ule mstari ambao aliujua na hakuuchora. Mama alisikiliza huku akihamishia figili kwenye chombo chake mwenyewe.

"Mlituuliza tunaongea na nani," mama alisema. "Mimi na yule mwanamke tuongee nini? Chumvi kazidisha."

Aliliosha bakuli, akalikausha vizuri na kuliweka dirishani.

"Mtafute huyo Tae-sik," alisema. "Zamu bado ni yangu."