Jicho Nililolinyoosha

Mwongozo ule niliuandika mimi. Nasema mapema, asije mtu akadhani kuna aliyenitegea. Kalamu yangu, akili yangu, na kiburi changu chote cha mtu wa Muleba, nikaketi nikauandika, nikauchapa, nikawagawia wenzangu nikiwa nimevaa shati jipya.

Naitwa Laurian. Serikali ilinileta huku Serengeti kufundisha Sanaa kwenye shule moja ya kata, ng'ombe wanapita dirishani na wanafunzi wanachora kwa penseli zilizokatwa vipande viwili ziwatoshe. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, hilo nalijua. Mtu akiniambia uchoraji ni somo la kupumzikia namjibu palepale, awe mzazi, awe mkuu wa shule.

Kwa hiyo mfadhili mmoja alipotuma ujumbe kwamba atawasomesha chuo cha sanaa vijana watatu kutoka shule zetu za Tarime na Serengeti, na kwamba hataki mtihani wa saa mbili bali mkoba wa kazi, yaani kazi za mwanafunzi za mwaka mzima pamoja na rasimu zake, nilisema niachieni mimi. Nikagawa alama mia: mchakato arobaini, ustadi thelathini, ubunifu thelathini. Mikoba ipewe namba, majina yafichwe. Kila mkoba usomwe na walimu wawili wa shule nyingine, kila mmoja peke yake, na wakipishana sana wakae wazungumze. Tena nikaongeza kwa wino mzito: kazi iliyoguswa na mkono wa mtu mwingine haitapata kitu kwenye ustadi wala ubunifu. Sentensi hiyo niliipenda mno. Niliwasomea wenzangu mara mbili.

Tulikutana shuleni kwetu, kwenye maabara, maana ndiko kwenye meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Pudensiana kutoka Tarime, mama mtulivu ambaye miwani yake hukaa zaidi kichwani kuliko machoni. Mwalimu Werema wa shule jirani, Mkurya wa kuzaliwa, yeye ni mtu wa utani. Aliniamkia, "Karibu profesa," nami nikafurahi badala ya kushtuka.

Kazi ilienda vizuri mpaka mkoba namba saba. Werema alikuwa ameupa themanini na nne. Pudensiana alikuwa ameupa hamsini na moja.

Mimi moyo ukaniruka. Namba saba nilimjua. Alikuwa Waisiko, binti wa kidato cha nne, anayetoka Nyamongo na kulala bweni la kwetu. Mama yake anagonga mawe ya dhahabu kwa nyundo huko kwa wachimbaji wadogo, na hapakuwa na chuo chochote duniani ambacho angeweza kumlipia. Mkoba ule ndio ulikuwa nafasi yake, hakuna nyingine.

"Werema," Pudensiana akasema, "mchakato umempa arobaini zote. Kwa nini?"

"Mwongozo wa profesa unasema rasimu nne au zaidi, alama zote. Hapa zipo sita."

"Umezisoma?"

"Nimezihesabu."

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, mpumbavu mimi. Pudensiana hakucheka. Alishusha miwani, akazipanga rasimu sita mezani, mstari mmoja, akatuita tusogee.

Zote zilikuwa za uso wa mwanamke mmoja, kwa mkaa. Kwenye ya kwanza, jicho la kushoto lilikuwa dogo tu kuliko la kulia. Ya pili, kope imeshuka, lakini imeshuka kama ya mtu anayesinzia. Ya tatu ameifuta mpaka karatasi ikatoboka. Ya nne ameacha uso wote, amechora jicho lile peke yake mara nyingi, pembeni ameandika "si usingizi". Ya tano kuna kovu. Ya sita, aisee. Ya sita jicho lilikuwa limefumba nusu na bado linakutazama, na ulijua kabisa kwamba mwanamke huyu haoni kwa upande ule na ameshazoea.

"Huyu mtoto alikuwa anatafuta kitu," Pudensiana akasema, "na kwenye ya sita amekipata. Huu ndio mchakato, jamani. Sasa tazameni alichomalizia."

Akaweka picha ya mwisho, ya rangi. Mwanamke mzuri, ngozi inang'aa, macho mawili yaliyolingana sawasawa, kila moja na doa jeupe dogo kwenye mboni, juu kulia.

"Limeenda wapi?" akauliza.

Mimi nililijua liliko. Lilikuwa chini ya rangi yangu. Wiki ya mwisho ya muhula, kabla ya mikoba kukusanywa, nilipita darasani, nikaiona picha ile, nikasema, "Weee Waisiko, jicho limekukimbia hili! Lete hapa." Nikashika brashi. Sikumuuliza kitu. Nililinyoosha lile jicho kwa dakika chache tu, nikaweka na madoa meupe, nikajisifu kwamba nimemwokoa mtoto wa watu. Rasimu zake sikuzifungua. Nami nilikuwa nimezihesabu, nikaona zimetosha.

Pudensiana hakuwa amemaliza. Alivuta namba tatu na namba kumi, za kwetu pia, akazilaza kando ya namba saba. Mzee wa kuchunga. Kijana wa bodaboda. Wote na doa jeupe, juu kulia.

"Hawa watatu wamezaliwa na mama mmoja?" Werema akauliza. "Mbona macho ni yaleyale?"

Kila mtu mezani pale ameshawahi kuona michoro yangu ya simba na tembo ninayouza kwenye hoteli za kule Ikoma. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na ardhi ya huku ni ngumu, haipasuki kwa ajili ya mtu.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Nilisema, "Wanafunzi huiga. Labda wameniiga mimi, si unajua mtoto humtazama mwalimu wake."

Nilisema hivyo kwa mdomo huu.

Pudensiana alinitazama kidogo. "Basi namba saba aitwe tumuulize mwenyewe."

Waisiko akaja, amefuta viatu, mikono nyuma. "Shikamooni walimu."

"Marahaba mwanangu. Macho ya picha hii, ni nani aliyachora?"

Aliiangalia picha. Kisha akaniangalia mimi, mara moja tu, haraka, akaangusha macho sakafuni.

"Mimi. Niliiga kwa mwalimu."

"Na hili jicho la kwenye rasimu?"

"Nilikuwa nimekosea."

Jamani. Nimeshawahi kutukanwa na wazazi, nimeshawahi kukemewa na mkaguzi mbele ya darasa zima. Hakuna kilichowahi kuniingia kama yale maneno mawili. Mtoto alikuwa anaitupa kazi yake ya mwaka mzima ili mimi nibaki na shati langu jipya. Pudensiana alishika kalamu. Ubunifu ungeshuka, kwa sababu ameiga. Mchakato ungeshuka, kwa sababu rasimu zake amezikana mwenyewe. Nafasi ilikuwa inaondoka pale mezani, naiona.

"Ni mimi," nikasema.

Nikaweka kidole juu ya lile doa jeupe. "Ni mkono wangu. Hakuiga. Nilimnyang'anya brashi nikachora juu ya kazi yake. Na hao wengine wawili ni mimi vilevile."

Werema alifungua mdomo kutania, akaufunga. Huruma ya mtu wa utani ni mbaya kuliko utani wake.

"Umeumbuka, Mwalimu Laurian," Pudensiana akasema polepole, bila hasira. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kisha akanisomea sentensi yangu mwenyewe, ile ya wino mzito, neno kwa neno. Nilimwomba asimwadhibu mtoto kwa mkono wangu. Akasema sheria inaiondoa ile picha, haiwaondoi watoto. Lakini sasa tuna ustadi gani wa kupima, ikiwa kazi ya mwisho haipo? Walimu wakazungumza sana. Wakakubaliana wote watatu wachore upya, mmoja mmoja, kutokana na rasimu zao, mbele ya walimu wawili wasio wa shule yetu. Mimi nitoke nje.

Nilikaa kwenye benchi la veranda kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani. Wanafunzi wangu walipita, wakaniamkia, nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Waliponiita, karatasi ya Waisiko ilikuwa mezani. Mkaa mtupu. Hakuwa amenakili rasimu ya sita. Alikuwa amegeuza uso kidogo, jicho zima likawa gizani na lile bovu ndilo likapata mwanga. Hilo wazo halikuwa langu wala la mwongozo wangu. Pudensiana na Werema walikuwa wameshampa alama, kila mmoja kivyake, wakapishana kwa alama tatu tu. Aliingia kwenye wale watatu wa mfadhili. Wenzake wawili wa kwetu hawakuingia, na sitajua kamwe wangefika wapi kama ningewaacha.

Tulirekebisha mwongozo jioni ileile. Hesabu ya rasimu ikafutwa. Badala yake: msahihishaji aandike kwa maneno yake mwanafunzi alikuwa anatafuta nini, na ni wapi alibadilisha mawazo; akishindwa kuandika, arudi kusoma. Kwenye ubunifu tuliandika kwamba hatupimi jambo ambalo halijawahi kuonekana duniani, tunapima uamuzi wa mwanafunzi mwenyewe. Ustadi, kwamba mkono umetimiza alichokusudia, si kwamba picha ni nzuri. Walinipa mimi kalamu niandike. Nadhani Pudensiana alifanya makusudi.

Watu walipoondoka nilimkuta Waisiko anafunga mkoba wake.

"Kwa nini hukunikataza siku ile?" nikamuuliza. Swali la kijinga, la kutafuta nafuu.

"Wewe ni mwalimu."

"Lile jicho, ni la mama?"

"Ndiyo. Kipande cha jiwe kilimpiga akigonga." Akafunga kamba. "Ile ya rangi nilimpelekea aione tulipofunga muhula, kabla ya kuikusanya. Nilikuwa nimemwahidi nitamchora."

"Akasemaje?"

Akakaza fundo la ile kamba.

"Aliitazama sana. Akasema, kumbe ndivyo ungependa niwe."

Niliinamisha kichwa. Machozi yalinitoka, mtu mzima mimi, na sikuyafuta. Nilimwambia naomba radhi. Nikamwambia nitakwenda mwenyewe Nyamongo nimweleze mama kwamba ni mimi. Kisha kwa haraka ya mtu anayetaka kulipa, nikamwambia ile ya mkaa lazima ibaki kwenye mkoba kwa ajili ya mfadhili, lakini anaweza kumchorea mama nyingine, nitampa karatasi nzuri, nitamsaidia.

"Nitamchorea," akasema. "Karatasi ninazo."

Akaubeba mkoba, akafika mlangoni, akageuka kwa adabu zake zote.

"Hiyo sitakuletea uione, mwalimu."

"Sawa, Waisiko," nikasema.