Mstari wa Kijani

Mwenye duka la kuchapa kadi alinipigia simu akiwa ameshamhukumu dada anayemsanifia kazi. "Amechokonoa mipangilio, fundi. Skrini inachezacheza na ina mstari."

Nilimkuta dada amenuna. Kweli alikuwa amegusa: skrini iliyokuwa ikionyesha picha upya mara sitini kwa sekunde, ameipandisha hadi sabini na tano. Nikairudisha sitini. Kuchezacheza kukakoma, ila mstari wa kijani ukabaki wima pale pale.

"Si nilisema," akadakia bosi.

Watu wa kesi za haraka hunichosha. Nikabadilisha waya wa picha, mstari ukabaki. Nikaiamuru kompyuta yenyewe ipige picha ya skrini, nikamtumia bosi kwenye simu. Picha ilikuwa safi, haina mstari, hivyo draiva, programu inayoendesha skrini, nayo haikuwa na kosa. Mwishowe nikachomoa waya wa picha kabisa, nikaacha wa umeme tu. Skrini ikaandika kwamba haijaunganishwa na chochote, na mstari ukayakata maandishi hayo katikati.

"Kompyuta haimo tena kwenye kesi hii," nikasema. "Kioo ndicho kinachokufa, na mipangilio haifanyi hivyo; kubonyezwa ndiko hufanya. Kuna mtu anakibonyeza."

"Nani akibonyeze?" Bosi akainama, akaugonga mstari kwa kifuniko cha kalamu, kama anavyogonga kila kadi anayotaka irekebishwe. "Unaanzia hapa?"

Ukatokea mstari wa pili.

Dada akanyoosha mkono, akamnyang'anya kalamu.