Hasi Thelathini

Mwalimu ambaye wenzake walimwita Pilipili aliitupa kalamu nyekundu mezani. Mwongozo wa kusahihisha fizikia ulidai taswira iko sentimita 30, na kiongozi wa chumba cha wasahihishaji alikuwa ameshakata kila jibu la hasi 30.

"Umbali hauwi hasi, dada," alisema kiongozi bila kuinua macho.

"Kaka, lenzi ni mbinuko, urefu wa fokasi ni 15, na kitu kiko sentimita 10. Taswira halisi utaitoa wapi?"

Akaufuata kwa ukucha mchoro wa mtahiniwa mmoja. Miale iliyopita kwenye lenzi ilitawanyika. Mistari ya nukta iliyorudishwa nyuma ndiyo iliyokutana, upande uleule wa kitu.

"Taswira isiyo halisi ni hasi. Kanuni hiyo tumewafundisha sisi wenyewe. Mchoro umeupa alama zote, halafu jibu linalokubaliana nao umelikata."

Kiongozi aliutazama mchoro, akanuna, akaongeza alama ya kutoa kwenye mwongozo. "Haya, turudie karatasi zote."

Pilipili aliiokota kalamu, akaanza kurudisha alama zilizokatwa. Hasira ilikuwa bado haijamwisha, maana nusura watoto wa watu waadhibiwe kwa kupatia.