Maneno ya Kifaransa ya Mwalimu Kosgei

Jepleting alishasema na hakutaka kurudia: Baba hahami Elburgon. Kaka yake Kipkirui alikuwa amekuja na gari kutoka Nakuru kumchukua mzee akaishi kwake, kwa sababu siku hizi mzee huacha jiko likiwaka na kutoka zake. Walibishana asubuhi nzima. Mwisho wakapatana hivi: Baba akiyajua bado maneno yake ya Kifaransa, abaki.

Si mzaha. Baba yao, Mwalimu Kosgei, alifundisha Kiingereza miaka thelathini na miwili, na kila Jumapili baada ya kanisa alimketisha Jepleting barazani wasome gazeti. Neno la Kifaransa likijitokeza katikati ya Kiingereza, hakuna kuliruka. "Hao ni wageni," alikuwa akisema. "Wamekaribishwa, lakini hawajabadilisha nguo." Jumapili zile jamani! Chai ya maziwa, harufu ya mbao, na Baba anacheka mpaka miwani inateleza. Jepleting angetoa chochote azirudishe.

Basi akafungua gazeti.

"Rendezvous, Baba," akasema, akitamka kila herufi makusudi.

"Rondevu," mzee akamrekebisha papo hapo. "Hizo z na s usiziguse. Ni miadi. Watu wamepatana wakutane mahali fulani, saa fulani. Hata mahali penyewe huitwa hivyo."

"Na cliché?"

"Klishe. Zamani kilikuwa kibao cha chuma cha mpiga chapa, kinachapa kitu kilekile tena na tena. Siku hizi ni usemi uliotumiwa mpaka ukachakaa. Mwanasiasa akisimama aseme vijana ni viongozi wa kesho, hiyo ni nini?"

"Klishe!" wakajibu wanawe wote wawili, na Kipkirui akacheka ingawa hakutaka.

Jepleting akamtupia kaka yake jicho la ushindi. Angeachia hapo. Lakini utamu ulikuwa umemkolea, akafungua ukurasa wa matangazo ya vifo.

"Hapa wameandika née, Baba. Kabla ya jina la ukoo."

"Nei. Maana yake ni 'aliyezaliwa'. Huwekwa kuonyesha jina la mwanamke kabla hajaolewa." Mzee akavua miwani, uso ukachangamka. "Nikupe mfano. Jepleting Makokha, née Kosgei. Huyo ni msichana wangu, aliolewa kwa akina Makokha. Ana kichwa huyo! Tunasoma gazeti pamoja kila Jumapili."

Kisha akamwinamia Jepleting, kwa adabu anayowapa wageni.

"Leo amechelewa, madam. Ukikutana naye hapo barabarani, mwambie babake bado anamngoja."

Jepleting alifunga gazeti, akalikunja mara mbili.

"Nitamwambia, Mwalimu," akasema.

Akaingia ndani kumfungia Baba nguo zake, na Kipkirui akaenda kuleta gari karibu na mlango.