Ada ya Friza Isiyokuwepo

Mwisho wa mwezi Bi Chenji, ambaye wateja walimpa jina hilo kwa sababu hajawahi kuwa nayo, alirudisha nusu ya mlango wa duka, akapanga hati za mizigo juu ya kaunta na kuanza kuzilinganisha na ankara ya kampuni inayomletea vinywaji. Miezi yote alikuwa akilipa jumla ya chini bila kusoma ya juu. Mwezi huu biashara ililala, lakini jumla haikulala nayo.

Kila kreti ilikuwa na hati yake. Mstari mmoja tu ulikuwa yatima: ada ya kukodi friza. Akafukua ankara za nyuma. Ada ileile, mwezi baada ya mwezi, tangu dereva wa kampuni alipoibeba friza mbovu na kumsainia hati ya kurejesha. Vinywaji huingizwa na mtu. Ada hujiingiza yenyewe kila tarehe mosi mpaka mtu aifute. Hakuna aliyeifuta.

Ndipo akaielewa ile barafu. Ilikuwa imetanda sakafuni pale friza iliposimama, na familia iliiruka tu ikipita. Kila alipolipa, ilisogea kigae kimoja kuelekea ukutani. Nyuma ya ukuta alilala mwanawe mchanga. Kilibaki kigae kimoja.

Akapiga simu ofisi ya hesabu ya kampuni.

“Dada, friza mliichukua. Hati ninayo.”

“Huku inaonekana iko kwako, mama.”

“Basi nalipia vinywaji tu.”

“Mfumo hauchagui. Pesa inalipa deni lililotangulia, na ada ndiyo hutangulia. Pengo litabaki kwenye vinywaji. Ukidaiwa, gari haliji.”

Bila gari hakuna duka. Mumewe akamtuliza: “Lipa tu, mke wangu. Tutanunua blanketi.”

“La nani?”

Mume akautazama ukuta.

Bi Chenji alipozidi kulalamika, kampuni ilimtuma mkaguzi. Alichuchumaa kwenye kona iliposimama friza, akaweka kipimajoto juu ya barafu, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

“Inagandisha safi kabisa.”

“Friza yenyewe unaiona, kaka?”

“Mama, mimi napima baridi.” Akaandika: friza ipo, inafanya kazi. “Saini hapa, ulipe, gari liruhusiwe kuja.”

Alisaini, akalipa. Barafu ikasogea kwa mlio wa mtu anayetafuna mfupa, ikagusa ukuta. Wakahamishia kitanda cha mtoto upande wa pili. Mume akapanga soda juu ya barafu na wateja wakazisifu kwa ubaridi.

Mwezi uliofuata ankara ilikuja na ada ileile. Chini yake palikuwa na mstari mpya: matengenezo ya friza. Bi Chenji aliisoma mistari yote miwili kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kusikika chumbani. Akalipa.

Barafu ikasogea vigae viwili, ikaingia chumbani. Bi Chenji akamwinua mtoto, akamfunga mgongoni, akaenda kufungua duka.