Mashine Inasema Uko Ndani

Mimi ndiye yule mtu wa kiti cha plastiki kando ya tableti. Kwa karatasi naitwa karani wa rekodi, na diploma yangu iko ukutani nyumbani. Lakini tangu hiyo mashine ya kujiandikisha iwekwe mlangoni kwa kliniki yetu ya macho hapa Garissa, kazi yangu ni kuwaambia wazee, "Gusa polepole, adeer, hubishi mlango."

Hebu fikiria. Watu wamekuja kwa sababu hawaoni, na kitu ya kwanza tunawaambia ni wasome kioo. Aliyeleta hilo wazo anaona vizuri sana. Ni kweli, ukigusa alama ya spika mashine inaongea Kisomali. Shida ni kwamba inaanza na salamu. Wazee wetu wakisalimiwa wanajibu, halafu wanauliza habari ya watoto na mvua, na kabla hawajamaliza kioo kimechoka kungoja, kimerudi mwanzo.

Siku ya upasuaji tulikuwa na orodha ya watu sita. Daktari wa mtoto wa jicho huja mara moja kwa miezi mitatu, na siku hiyo ilikuwa lazima aondoke saa nane. Foleni ilifika getini. Saa mbili na dakika kumi akaja mzee mmoja wa mtaa wa Galbet, ndevu nyekundu kwa hina.

"Kitambulisho, adeer?"

"Imebaki nyumbani. Galbet ni hapo tu, nani atanikagua?"

Mtu akikosa kitambulisho, mashine inakubali jina na tarehe ya kuzaliwa. Akanitajia: Rage Deeq Kulow. Tarehe sikuuliza sana. Hapa kwetu, mtu wa rika yake ambaye hakuandikwa siku ya kuzaliwa amepewa Januari mosi. Nilibonyeza 1954 kama alivyosema, na kioo kikatoa jina moja la orodha ya leo. *Huyu ni wewe?*

"Wewe ndiye Rage Deeq Kulow, wa daktari leo?"

"Haa," akasema.

Nikabonyeza Ndiyo kwa kidole changu mwenyewe. Karatasi ikatoka, nikampeleka hadi mlango wa ndani, nikarudi kwa foleni nikijisifu vile niko haraka.

Saa tatu akafika mzee mwingine, mkono kwa bega ya binti yake, Zamzam. Walikuwa wametoka Liboi, kule mpakani, jana yake. Jicho la kulia la mzee lilikuwa limekufa zamani. Lile la kushoto lilikuwa na utando mweupe kama maziwa ya unga.

"Huyu ndiye wa leo," Zamzam akaniambia kwa sauti ya chini. "Amebaki na hii moja tu. Ikiharibika, basi."

Baba alikuwa na kitambulisho. Zamzam akaandika nambari mwenyewe, kwa uangalifu. Kioo kikawa cha manjano: *Umeshaandikishwa saa 2:10. Tafadhali muone mhudumu.*

Mhudumu ni mimi. Nikasoma, nikasoma tena.

"Inasema nini?" mzee akauliza.

"Adeer, mashine inasema uko ndani tayari."

"Mimi?"

"Rage Deeq Kulow, wa elfu moja mia tisa hamsini na nne, Januari mosi."

Akageukia upande wa kioo. "Njiani nimekaguliwa na polisi mara tano. Wote wamekubali mimi ni mimi. Sasa hii kioo inakataa?" Halafu akanicheka kidogo. "Kama niko ndani, ingia unitoe basi. Mwambie ananichelewesha."

Zamzam hakucheka. Mimi nilicheka nusu, halafu nikaacha, kwa sababu nilikumbuka ndevu nyekundu na kidole changu.

Mtu akiniona nikikimbia Garissa hudhani kuna mbuzi amekufa. Nilikimbia. Ndani, mzee wa Galbet alikuwa amelala kitandani na kofia ya kijani, jicho la kushoto limetiwa dawa ya kupanua mboni. Nasteha, muuguzi wa chumba cha upasuaji, alikuwa ameshika kalamu ya kuweka alama juu ya hilo jicho. Daktari alikuwa ananawa. Lenzi ya mzee wa Liboi, ile ya kuwekwa ndani ya jicho, iliyopimwa kwa jicho lake yeye, ilikuwa kwenye meza.

"Nasteha, ngoja! Huyu si yeye."

"Adeer Shuaib, nimemuuliza jina. Nimemuuliza tarehe. Yote sawa na faili."

"Umemuuliza vipi?"

"Nimesema, wewe ni Rage Deeq Kulow? Akasema haa."

"Na mimi nilimuuliza hivyo hivyo. Ni Rage Deeq Kulow kweli. Lakini wako wawili."

Nikainama kwa mzee. Mara hii sikumpa jibu mdomoni. "Adeer, mama yako aliitwa nani?"

"Bishara Maalim, Mungu amrehemu."

Nasteha akafungua faili. Siku ya kupimwa, mzee wa Liboi alikuwa ametaja jina la mama yake: Qali. Kalamu ikarudi mfukoni. Nasteha akakaa kwenye kiti.

"Na uliitwa kuja lini?" nikauliza.

"Kesho. Kupimwa jicho la kulia. Nilikuja leo kuangalia kama foleni ni ndogo."

"La kulia! Na walipokuwekea dawa kushoto, hukusema?"

Akanishangaa. "Mimi ni nani nimfundishe daktari macho? Nilijua ana sababu yake."

Daktari alikuja, mikono juu isiguse kitu, akasikiliza. Hakupiga kelele, na hiyo iliuma zaidi. Akasema ile dawa itaisha yenyewe baada ya saa kadhaa, hilo jicho la kushoto ni zima na halijaguswa. Nikamwambia ukweli, kwamba aliyebonyeza ni mimi. Akaniuliza, "Na yule mwenye lenzi yuko wapi?"

Mzee wa Liboi aliingizwa wa tano badala ya wa pili. Kwanza tuliangalia kitambulisho na picha, tukauliza jina bila kumtajia, jina la mama, na jicho gani. Alijibu yote kama mtu anayeapishwa kortini, na daktari akamaliza jicho lake kabla ya saa nane. Wa Galbet naye alipimwa siku hiyo hiyo akiwa hapo, akawekwa kwa orodha ijayo. Aliniambia atanisamehe kwa sharti moja, nimtafutie chai.

Jioni tulikaa na Nasteha na fundi wa mashine. Sasa kioo hakimtajii mtu jina na kumuuliza *ni wewe?* Mtu anataja mwenyewe, pamoja na la mama. Asiye na kitambulisho haandikishwi na mashine hata kidogo. Anakuja mezani kwangu, anakaa, anaongea, na wa foleni watavumilia. Na ile salamu imekatwa, ingawa wazee wengine wanasema mashine imekosa adabu.

Asubuhi yake Zamzam alimleta baba kuondolewa bandeji. Nasteha akaitoa polepole. Mzee akapepesa, machozi yakatoka, akageuza kichwa kwa binti yake, akakaa akimtazama muda mrefu.

"Umezeeka," akamwambia.

"Aabo!"

"Na umefanana na mama yangu. Hakuna mtu aliniambia."

Zamzam akafunika uso kwa shungi yake. Nasteha akajifanya anatafuta kitu kwa droo. Mimi nilirudi kwa kiti changu cha plastiki, kwa sababu mlangoni mama mmoja alikuwa anabisha kioo cha mashine kwa ngumi, akiuliza kama kuna mtu ndani.