Jedwali la Watu Wawili

Kifungu cha kumi na tano hakikuwepo. Demetria alikibuni mwenyewe akakipachika katika swali la saba la dodoso lisilotaja majina: "Je, umesoma kifungu cha kumi na tano cha Kanuni za Maadili, kuhusu zawadi za wauzaji?" Kanuni zenyewe zinaishia kifungu cha kumi na mbili. Kati ya wafanyakazi mia moja na tisa waliojibu, tisini na saba waliweka tiki kwenye "Ndiyo", na mmoja akaongeza chini kwamba kifungu hicho kimemsaidia sana maishani.

Alicheka peke yake katika ofisi yake ya Mwananyamala, kisha kicheko kikamkauka. Yeye ndiye mkaguzi wa ndani wa kampuni ya kuuza vigae na mabomba ya Mzee Jawad, mkurugenzi mkuu. Kamati ya ukaguzi ya bodi ilikuwa imemtuma apime kitu kisichohesabika stoo: kama wakubwa nao wanazifuata kanuni wanazowasainisha wadogo. Sasa aliona kwamba hizo "Ndiyo" zote hazikuwa na uzito wowote. Ilibidi akawaulize ana kwa ana.

Clara wa uhasibu alimweleza bila aibu kwamba fomu ya kukiri kusoma Kanuni huletwa kila Januari pamoja na fomu ya likizo, unazisaini zote mbili upesi ili likizo isichelewe. Kule duka la Boko hakuna hata mmoja aliyeijua namba ya simu ya kuripoti maovu. Walimshangaa: namba ya nini, wakati mlango wa Mzee uko wazi? Na kweli uko wazi. Ukifiwa, Mzee Jawad anakuja mwenyewe msibani. Mtoto wako akilazwa, bili unaikuta imelipwa. Ukiwa na dukuduku unaingia, unamiminiwa kahawa, unasema, yanaisha. Kumsema mtu wa namna hiyo kwenye karatasi, tena bila jina, kwao ilikuwa utovu wa adabu.

Aliyethubutu ni Revelian, mtunza ghala wa Vingunguti, ambako wapo wawili tu, yeye na Gladness. Walikaa katika chumba cha nyuma cha ghala, mlango umefungwa, na Revelian akazungumza kwa sauti ya chini huku akichungulia dirishani. Muntasir, mpwa wa Mzee na mkuu wa manunuzi, alipewa televisheni kubwa na muuza vigae. Tangu siku hiyo maboksi yanaingia na vigae vilivyovunjika, na Revelian anaambiwa asaini kwamba vimefika vizima. Habari ya televisheni iliwahi kutajwa mbele ya Mzee, na watu wanasikia. Mzee alicheka tu, akasema kijana kapata riziki yake, mwacheni.

"Siku ile ndo nikajua kile kitabu cha Kanuni ni cha sie wa chini," Revelian alisema. "Ila dada, jina langu lisitoke. Nina watoto watatu shuleni, na huku Vingunguti nikifukuzwa ghalani naenda kubeba mizigo."

Demetria alimwahidi, na aliahidi kwa moyo wake wote.

Kosa alilifanya Alhamisi, kwa haraka zake. Alimpelekea Mzee Jawad rasimu ya ripoti ili menejimenti iandike majibu yake, kama utaratibu unavyotaka, na ndani yake akaacha jedwali la matokeo kwa kila kituo. Mpango wa ukaguzi, alioandika kwa mkono wake, ulisema kundi lolote lenye watu chini ya watano lichanganywe na jingine. Hakulichanganya. Kwa hiyo mbele ya swali "Je, mkurugenzi mkuu anafuata Kanuni?" palisomeka: Vingunguti, waliojibu wawili, ndiyo mmoja, hapana mmoja.

Ijumaa baada ya swala aliitwa. Alimwamkia Mzee shikamoo, akaitikiwa kwa upole. Rasimu ilikuwa mezani, imefunuliwa ukurasa wa jedwali.

"Binti yangu, sina hasira," Mzee Jawad alisema. "Nimeumia. Huyu mtu nimemlisha miaka. Nani kati yao?"

Alimjibu kwamba hawezi kusema, kwamba watu waliahidiwa usiri, na kwamba jedwali lile halikupaswa kuwepo kabisa, ni uzembe wake yeye. Akamwomba, kwa heshima zote, asimuulize mtu yeyote. Mzee alitikisa kichwa kama anayemsikiliza mtoto. Alikuwa ameshawaita wote wawili, alisema, wako njiani. Watakunywa kahawa, watasemezana, yataisha.

Demetria alitoka akampigia Bi Elinaza, mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi. Alimwambia yote, akianza na kosa lake. Bi Elinaza hakumfariji. Alimwagiza arudi ndani, asikie kila neno, aandike saa na waliokuwepo. Yeye atampigia Mzee sasa hivi. Demetria alirudi. Simu ya Mzee ilikuwa ikitetemeka juu ya meza, jina la Bi Elinaza likiwaka kwenye kioo. Mzee aliitazama, akaigeuza kifudifudi.

Revelian na Gladness walikuwa wamefika alipokuwa nje, wameshakaa, vikombe mikononi, hakuna anayekunywa. Revelian hakumtazama Demetria hata kidogo. Mzee aliwaeleza kwa sauti laini kwamba hapa ni nyumbani, hakuna wa kumfukuza mtu, ila angependa kujua ni nani aliyeandika kwamba yeye hafuati kanuni, ili amsikilize.

"Mie niliweka ndiyo, Mzee," Gladness alisema mara moja, na kweli ndivyo alivyoweka.

Demetria alitamani kupiga kelele, kumwaga kahawa, chochote.

"Na mie niliweka ndiyo," Revelian alisema.

Mzee Jawad alitabasamu. Uso wake ulifunguka kwa furaha ya kweli, na hilo ndilo lililomuuma Demetria zaidi, maana mzee wa watu aliamini. Alimgeukia akamuuliza sasa hiyo "hapana" imetoka wapi. Kama mashine zake zinajumlisha vibaya, je, ripoti nzima si ndivyo ilivyo?

Angeweza kuitetea kazi yake kwa neno moja, na neno hilo lingemla Revelian.

"Jedwali hilo nitaliondoa, Mzee," alisema. "Kosa ni langu."

"Umeona," Mzee alisema, akawamiminia wote kahawa nyingine.

Demetria alirudi mezani kwake akaandika. Saa nane na dakika ishirini, mkurugenzi mkuu aliwaita wafanyakazi wawili akawauliza majibu yao ya siri mbele ya mkaguzi. Wote wawili walisema anafuata Kanuni. Hakuandika ni yupi aliyedanganya. Aliandika hitimisho, kwamba mfano wa maadili unaotoka kwa wakubwa hauridhishi, na kwamba ushahidi wake mkubwa ni kikao hicho chenyewe, kilichowezekana kwa uzembe wa mkaguzi. Akaituma ripoti moja kwa moja kwa Bi Elinaza.

Kisha alishuka mbio. Alimkuta Revelian getini, Gladness ametangulia barabarani. Alimwomba radhi. Alimwambia ripoti imeshafika kwenye kamati, hakuna jina lake ndani, na yaliyofanyika leo yataulizwa. Revelian alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Sawa dada," alisema. "Mwakani ukileta tena zile fomu, yangu we ijaze tu mwenyewe. Ndiyo zote."

Akavuka barabara kumfuata Gladness.